Ukurasa Mmoja wa Vinyozi Wawili

Mtoto wa kinyozi mmoja alipoanza kusema, neno lililomkaa mdomoni kuliko "mama" na kuliko "maji" lilikuwa "kwa nini". Kwa nini nywele zikikatwa haziumi? Kwa nini mteja akiambiwa atazame chini anatazama juu? Watu walichoka kumjibu lakini yeye hakuchoka kuuliza, mpaka neno lenyewe likamganda likawa jina. Kwanini. Majirani walimwita hivyo, walimu wakamwita hivyo, na siku alipopata kazi ya kukata na kuunga video za harusi, mwenye studio naye akamwita hivyo hivyo bila kuuliza jina la kwenye cheti.

Miaka ya studio ilimfundisha mengi. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama nyuso za watu wasiojua kwamba kuna anayewatazama, akawa anaweza kukuambia ni shangazi yupi analia kwa furaha na yupi analia kwa sababu kasahauliwa kwenye picha ya familia. Lakini harusi zote zinaisha namna moja, na mtu wa maswali hashibi majibu ya aina moja. Ndipo alipoomba nafasi kwenye chuo cha filamu, akapata, akajikuta darasani na vijana wanaomwita dada na kumwachia kiti cha mbele kama mgonjwa.

Alikuwa bado mwaka wa kwanza siku mwalimu wa uandishi alipoingia darasani akiwa amebeba miwani mkononi badala ya kuivaa. Wanafunzi walishaijua dalili hiyo. Miwani mkononi ni habari mbaya.

"Mnakumbuka ile kazi ya filamu fupi niliyosema mna wiki mbili?" aliuliza. "Basi sahauni wiki mbili. Kamera zinachukuliwa na mwaka wa tatu, kwa hiyo jopo la kuchagua filamu za kupigwa linakaa kesho alasiri. Kurasa zenu nazitaka mezani kwangu kesho adhuhuri."

Darasa likaguna kwa pamoja. Mmoja akasema haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mwalimu akamjibu, akaendelea. "Ukurasa ni mmoja. Si mmoja na nusu, wala si mmoja wenye herufi za kusomwa na sisimizi. Juu, loglaini: sentensi moja ya kuibeba filamu nzima. Chini yake muhtasari, kwa wakati uliopo, bila mazungumzo, bila kuniambia kamera ikae wapi. Filamu haizidi dakika kumi, kwa hiyo msiniletee vita wala mafuriko. Na mwisho msinifiche! Muhtasari si tangazo la kumvuta mtu aje sinema. Jopo linataka kujua kama mnajua mnakokwenda."

Kwanini alikuwa na hadithi yake tayari, ya dereva wa treni anayemwona mwanawe kwenye reli. Aliipenda sana. Kipindi kilipoisha akaipeleka ofisini kwa mwalimu, chumba kidogo chenye mafaili mpaka juu ya friji. Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, kisha akauliza swali moja tu.

"Treni utaipata wapi?"

Kwanini akaipokea karatasi yake, akaikunja.

"Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?" mwalimu akauliza, si kwa dharau, bali kama daktari anayeuliza ulikula nini jana.

"Baba ni kinyozi. Yeye na baba mdogo. Wana saluni moja, viti viwili." Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema. "Hawasemeshani, mwalimu. Miaka sasa. Kila siku wako pamoja, mgongo kwa mgongo, na wakitaka kuambiana kitu wanamtuma mteja."

Mwalimu akaivaa miwani.

"Wanamtumaje?"

"Baba anasema, 'Mzee wangu, mwambie huyo jirani yako taulo zimeisha.' Na mteja anamwambia baba mdogo, ambaye yuko hapo hapo na kasikia. Naye anasema, 'Mwambie nimeshazianika.' Wateja wameshazoea. Wengine wanakuja kwa hilo hilo."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasukuma karatasi tupu upande wa Kwanini. "Niandikie hiyo. Sentensi moja."

Kwanini akaandika: *Ndugu wawili vinyozi wanafanya kazi saluni moja bila kusemeshana.*

"Nzuri," mwalimu akasema, "lakini hii ni hali. Hadithi bado. Gari limesimama tu, hata kama ni gari zuri. Nani kati yao anataka kitu? Anataka nini, kitu ambacho nitakiona kwa macho kwenye skrini? Nini kinamzuia? Asipokipata itakuwaje? Na walinyamaziana kwa nini?"

Hapo ndipo Kwanini alipoona aibu ya kweli. Mtu aliyeuliza sababu ya kila kitu duniani hakuijua sababu ya jambo lililokuwa likitendeka mbele ya macho yake. Si kwamba hakuwahi kuuliza. Aliwahi kumuuliza mama yake mwanzoni kabisa, na mama, aliyekuwa akikunja nguo, hakuinua hata kichwa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema. Kwanini akachukua jembe, yaani akarudi studio kwenye harusi zake, na siku zikapita, na kimya kile kikawa kama ufa wa ukutani ambao mwenye nyumba hauoni tena.

"Sijui, mwalimu," alisema.

"Basi una mchana huu wa kujua," mwalimu akamjibu. "Na jambo moja zaidi. Hao ni watu wa kweli, tena wazazi wako. Kabla sijausoma ukurasa huo mimi, wausome wao."

* * *

Saluni ilikuwa kwenye mtaa wa maduka, katikati ya fundi viatu na duka la vifaa vya umeme. Mlango wa kioo, benchi la kusubiria lenye mto uliochanika, vioo viwili vikubwa vinavyotazamana ukuta kwa ukuta, na mbele ya kila kioo kiti cha chuma cha kuzunguka. Cha kushoto cha baba, cha kulia cha baba mdogo. Redio ilikuwa juu ya rafu katikati, nayo ilikuwa kama nchi isiyo na mwenyewe: hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa hiyo iliimba stesheni ile ile tangu asubuhi mpaka kufunga.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," wakaitika wote wawili kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja akakunja uso kama aliyeibiwa neno.

Akakaa kwenye benchi. Alikuwa ameingia humo tangu akiwa mgongoni, lakini siku hiyo aliamua kutazama kama alivyokuwa akitazama harusi: bila sauti, akili ikiwa kwenye mikono ya watu na si midomoni.

Mteja wa kwanza alitaka kupunguza nywele. Baba alimnyoa kwa mashine, polepole, kwa ustadi ule ule wa siku zote. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wa baba wa miaka nenda rudi. Akakaa kwenye kiti cha kushoto, akapunguzwa nywele, akazungumza habari za magoti yake. Kisha akajipapasa kidevu.

"Na ndevu?" baba mdogo akauliza kutoka upande wake, akikiuliza kioo.

Mstaafu akainuka. Hakuambiwa na mtu. Alihama na taulo yake shingoni, akakaa kiti cha kulia, akaegemeza kichwa, na baba mdogo akaanza kukoroga povu. Baba akageuka kufagia nywele sakafuni, akaendelea kufagia hata zilipokwisha.

Kwanini akasimamisha picha kichwani, akairudisha nyuma. Akasubiri mteja mwingine. Mambo yakawa yale yale. Nywele kushoto, ndevu kulia. Wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, ule ambao babu alimkabidhi baba kama mkubwa wa nyumba, haukuwa kwenye droo ya baba. Ulikuwa kwenye droo ya baba mdogo, juu ya kitambaa cheupe, pembeni yake pakiti ya viwembe vipya vya kubadilishia kila mteja.

Kisha akaona mkono. Baba alikuwa akifunga kitambaa shingoni mwa mtoto mdogo, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vikitafuta pindo, vikilikosa, vikilitafuta tena. Vilicheza kidogo kidogo, kama jani ambalo upepo hauonekani. Baba akaushika mkono huo kwa mkono wa kushoto, akautuliza kama anavyotulizwa mnyama, akafunga kitambaa, akachukua mashine. Mashine ilipogusa kichwa, ikapata pa kuegemea, na mkono ukatulia.

Kwanini akainuka, akakaa tena. Anaishi na baba yake nyumba moja, anakula naye meza moja. Sasa akaelewa kwa nini baba siku hizi hunywa chai kwenye kikombe kikubwa kisichojazwa, na kwa nini funguo za mlango huwa anazo mama.

Baba mdogo alipobeba taulo kwenda kuzifua uani, Kwanini akamfuata. Ua lilikuwa jembamba, lina bomba na kamba ya kuanikia. Baba mdogo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucheka haraka, lakini alipoulizwa alikamua taulo moja mpaka ikakauka kabisa.

"Umeona," alisema.

"Nimeona mkono. Sijaona ugomvi."

"Hakuna ugomvi." Akaipiga taulo hewani, akaianika. "Baba yako alimkata mteja chini ya sikio. Kidogo tu, spiriti na pamba, mteja mwenyewe akacheka. Baada ya wiki, mwingine. Nikaona hapa siku moja tutazika mtu. Sasa niseme nini? Yule ni kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika wembe. Nikamwambie kaka, mkono wako umekwisha? Mdomo haukufunguka. Basi asubuhi moja nikawahi kufika, nikautoa wembe kwenye droo yake nikauweka kwenye yangu. Nilidhani namsitiri. Nilidhani ataelewa, na sote tutanyamaza kwa heshima."

"Akafanyaje?"

"Akafungua droo. Akaiangalia. Akafungua yangu, akauona. Akafunga zote mbili, akavaa koti la kazi, na mteja alipoingia akasema, 'Mwambie jirani yako asogeze kiti.' Tangu siku hiyo."

"Na wewe hujamwambia chochote?"

"Nianze na lipi?" Baba mdogo akatabasamu bila furaha. "Kila siku inayopita, neno la kwanza linazidi kuwa zito. Mwanzoni lilikuwa kama ndoo ya maji. Sasa ni pipa."

* * *

Jioni hiyo, kabla baba hajarudi, Kwanini alikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta yake, mama akimenya viazi upande wa pili. Sasa alikuwa na sababu, na sababu zilikuwa zimemjaa mpaka zikamwagika. Akaandika kuhusu babu na wembe, kuhusu utoto wa ndugu wale wawili, kuhusu mke wa kinyozi anayebeba funguo, kuhusu fundi viatu wa jirani. Alipoinua macho alikuwa kwenye ukurasa wa tatu na bado hakuna mtu aliyefungua droo.

Akaanza kufuta. Babu akabaki maneno mawili. Fundi viatu akaenda na viatu vyake. Mama akaegemea kutazama skrini.

"Mbona mimi sipo? Nilikuwepo sasa hivi."

"Nimekutoa, mama. Nafasi haitoshi."

"Hata kuugua sikuugua?" mama akauliza, akarudi kwenye viazi vyake. "Haya. Nilizaa mwana, nikamsomesha, akanifuta."

Wakacheka, na kicheko kile kikampa mama njia ya kusema alichokuwa amekiweka rohoni. Alisema aliujua mkono ule kabla ya mtu yeyote. Alikwisha mwomba baba waende hospitali, na baba alijibu kwamba hana ugonjwa, ana ndugu. "Sikukuambia kwa sababu halikuwa langu kuliambia," alisema. "Lakini kama unaliandika, liandike sawasawa. Usimfanye mwendawazimu."

Muhtasari ukaanza kukaa. Ila mwisho ulikataa. Mara ya kwanza aliwapatanisha ndugu kwa ajali ya moto. Akakumbuka treni, akafuta. Mara ya pili akawafanya wakumbatiane huku wanalia. Alipousoma aliona ni mwisho wa video ya harusi, ule aliokuwa akiuwekea muziki wa kinanda. Akafuta tena.

Akarudi kwenye swali la mwalimu. Anataka nini, kitu ambacho nitakiona kwa macho? Kusemeshwa hakuonekani. Kuheshimiwa hakuonekani. Akafumba macho, akamwona baba akifungua droo tupu. Droo tupu inaonekana.

Wembe. Anautaka wembe wake.

Hapo vidole vikakimbia. Loglaini akaiandika upya, akaipima kwa kuisoma kwa sauti mpaka mama akaishika kwa kichwa:

*Kinyozi mzee ambaye mkono wake umeanza kutetemeka anaazimia kuudai wembe aliochukuliwa kimyakimya na mdogo wake, ndani ya saluni ambamo ndugu hao hawasemeshani, na ambamo kosa moja la mkono linaweza kumgharimu mteja uhai.*

Na mwisho wa muhtasari ukaja wenyewe baada ya hapo. Mzee anasimama mbele ya mdogo wake akiwa amenyoosha mkono, bila neno. Mdogo mtu anautoa wembe, anampa, kisha anafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: anakaa yeye mwenyewe kwenye kiti, anajifunga taulo, anainua kidevu. Mzee anapaka povu. Anausogeza wembe kwenye koo la ndugu yake. Mkono unatetemeka, na ndugu hatikisiki. Mzee anausimamisha wembe hewani, anaukunja, anauweka kwenye kiganja cha mdogo wake, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima anamsemesha: anamwomba amnyoe yeye. Wanabadilishana viti.

Mama alisikiliza akiwa na kiazi mkononi. "Utamwonyesha leo?"

"Akirudi tu."

"Usimpe hapa," mama akasema. "Hapa atausoma kama baba. Mpe kule alipo mwenzake."

* * *

Asubuhi Kwanini alipita kwanza kwenye duka la kuchapisha, ambako mashine ilikuwa na ghadhabu zake ikatoa ukurasa wenye mstari mweusi katikati, kisha mwingine wenye rangi hafifu, kisha mmoja mzuri. Akautia kwenye bahasha ya plastiki, akatembea nao kama aliyebeba mayai.

Saluni ilikuwa imefunguliwa punde. Hakuna mteja hata mmoja, jambo lililomaanisha kwamba hakuna mjumbe. Baba alikuwa akifuta kioo chake, baba mdogo akifuta chake. Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa.

"Baba," alisema, "nina kazi ya chuo. Inatakiwa leo adhuhuri. Ni ukurasa mmoja. Inahusu... uisome tu. Ukisema hapana, siipeleki."

Baba akavaa miwani. Karatasi ikaanza kucheza mkononi mwake, ikitoa sauti ndogo ya kukwaruza, na katika chumba kile kitupu sauti hiyo ilisikika kuliko redio. Baba akaiweka juu ya meza ya vifaa, akaibana kwa chupa ya spiriti, akaisoma akiwa ameinama. Alisoma polepole kama mtu anayesoma mkataba. Kwanini alijaribu kuujua uso wake kama alivyozoea kuzijua nyuso za studio, akashindwa. Baba mdogo hakugeuka, lakini kitambaa chake kilikuwa kimesimama kwenye kioo mahali pamoja.

"Mkono umeuona lini?" baba akauliza hatimaye.

"Jana."

"Jana tu?" Akashusha pumzi, kama aliyeambiwa bei ya chini kuliko alivyotarajia. "Na unataka watu waone."

"Sitaki kukuaibisha, baba. Nitaandika kingine. Nina hadithi ya treni."

Baba akavua miwani. Aliinua chupa, akachukua karatasi, na kwa mkono ule ule wa kulia akaivusha katikati ya chumba, juu ya nafasi ambayo kwa miaka ilihitaji mteja kuivuka. Karatasi ilikuwa ikitikisika kama bendera. Baba mdogo akageuka, akaitazama, akaipokea.

Akasoma. Alipofika katikati akafuta jicho kwa kile kitambaa cha kioo. Alipofika mwisho akarudia kusoma mwisho.

Baba alikuwa amemkazia macho. Kisha akakohoa.

"Umeona amekuandika una kitambi?" alisema.

Kwanini akatazama huku na huku kumtafuta mteja aliyeambiwa. Hapakuwa na mteja.

Baba mdogo akapapasa tumbo lake. "Kitambi ninacho, kaka," alisema. "Hilo halina ubishi."

"Watu watajua habari ya mkono," baba akasema, bado akimtazama mdogo wake.

"Watu wanajua. Wateja wote wanajua. Unadhani mzee wa magoti anahama kiti kwa kupenda matembezi?"

"Sasa mbona hamkuniambia?" Sauti ya baba ilipanda ghafla. "Mtoto huyu ameniambia kwa karatasi. Wewe ulishindwa hata kwa karatasi?"

Baba mdogo akavuta pumzi ya kuanza. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, na Kwanini alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, mikono magotini, akisubiri jibu ambalo alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, baba aliponyoosha kidole kwenye saa ya ukutani.

"Wewe si ulisema adhuhuri?"

"Baba, nina muda..."

"Huna. Chukua karatasi yako uende. Ndiyo, nimesema ndiyo. Lakini hapo ulipoandika mzee ni mkaidi, futa."

"Acha," baba mdogo akasema. "Hilo liache."

Akatoka mbio. Nyuma ya mlango wa kioo aliwaona wamesimama katikati ya chumba wakizungumza kwa mikono, midomo yote miwili ikienda kwa pamoja, na hakusikia hata neno moja. Alitamani arudi. Akakimbia.

* * *

Mwalimu aliupokea ukurasa wakati wengine wakiwa bado wanagombania mashine ya kuchapisha ya chuo. Aliusoma kwa kalamu mkononi bila kuitumia. Alipomaliza aliuliza kama wenyewe wameusoma.

"Wameusoma."

"Wakasema?"

"Walisemezana, mwalimu. Lakini walisemezana nini hasa, sijui. Ilibidi nikuletee hii."

Mwalimu akaiweka kalamu mezani. "Umenilipa mimi deni langu, ukakosa jibu lako mwenyewe," alisema. "Kaa. Kunywa maji."

Jopo lilikaa alasiri ile, na kesho yake majina yakabandikwa ubaoni. Ukurasa wa vinyozi ulikuwa miongoni mwa kurasa zilizochaguliwa, pamoja na maelezo: sehemu ya mzee kupita sokoni iondolewe, kila kitu kitendeke ndani ya saluni, na mzee asifungue droo mara tatu, moja inatosha. Kwanini alisoma maelezo hayo akakubali kwamba ni ya haki. Sehemu ya sokoni aliiweka kwa sababu aliipenda tu.

Yaliyosemwa saluni baada ya yeye kutoka hakuyapata yote. Aliyapata vipande vipande, kimoja kwa mama, kingine kwa mwalimu mstaafu aliyeingia akakuta watu wazima wawili wanagombana juu ya droo akageuza akarudi nje. Alijua kwamba baba mdogo aliutoa wembe akaurudisha, na baba akaukataa. Alijua kwamba siku chache baadaye walikwenda hospitali pamoja, wakakaa kwenye benchi la kusubiria wakibishana nani aingie kwanza, ingawa mgonjwa alikuwa mmoja. Daktari alisema mtetemo ule si ule ugonjwa mbaya wa neva waliokuwa wakiuogopa, akatoa vidonge vya kuupunguza, akasema wembe basi, mashine ruksa. Baba alisema daktari ana adabu, amemwambia usoni.

Mtu asidhani wakawa malaika. Sasa kwa kuwa wanasemeshana, wanagombana kutwa nzima. Redio imepata mwenyewe, kisha imepata mwenyewe wa pili, na stesheni hubadilishwa mpaka wateja wanaomba izimwe. Wengine wanasema kimya kile kilikuwa na raha zake.

Walikubali filamu ipigwe humo humo, kwa sharti isiwe Jumamosi, siku ya wateja wengi. Basi Kwanini akaja siku ya Jumatatu na futi ya kupimia, kutafuta mahali pa kusimamisha kamera. Tatizo lilikuwa vioo: viwili, vikubwa, vinavyotazamana. Popote aliposimama alijiona mwenyewe, na nyuma yake akajiona tena, safu ya Kwanini wenye futi mkononi wakizidi udogo mpaka mwisho wa macho.

"Ukae kule kwenye benchi," baba akasema.

"Kwenye benchi ataonekana kichwa," baba mdogo akasema. "Apande juu ya rafu."

"Rafu itambeba yeye na kamera? Hiyo rafu haibebi redio vizuri."

Baba akachukua kiti cha plastiki, akakiweka kwenye pembe ya mlango, akakaa, akafumba jicho moja. Baba mdogo akachuchumaa kando yake, akafumba lake, wakatazama vioo kwa upande, kichwa kwa kichwa, kimoja cha mvi na kimoja cha upara.

"Hapa," baba akasema. "Sogea kidogo mdogo wangu, unaziba. Njoo uone, mwanangu. Kutoka hapa unawaona vinyozi wote wawili, na wewe huonekani."